"Hii si wewe, ni katuni": wa Bagamoyo mnamjua, simtaji!

Mpwa_wa_Shangazi:
Wakuu, nawaka! Yule wa tisheti pale ufukweni kachukua picha ya shangazi ya harusini kwenye stetasi ya mtu, kaipitisha kwenye programu ya kugeuza picha kuwa mchoro, kaweka mistari minene na rangi ya chungwa, anauza. Shangazi kaenda kumuuliza, kajibiwa mbele za watu: "Mama, hii si wewe, ni katuni." KATUNI! Kipini kile kile, mwanya ule ule, hata mbuzi wa jirani kamtambua! Eti katuni!

Kibao_Kata:
Shikamoo Shangazi Katuni 😂

Mzee_wa_Kaole:
Punguza moto kijana. Zilitakiwa ruhusa mbili, naye hana hata moja. Picha ni ya aliyeipiga, si ya shangazi, labda waliandikiana vingine. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inampa huyo mpiga picha haki ya kuamua nani aibadilishe, na mchoro uliotolewa kwenye picha ni picha hiyo hiyo iliyobadilishwa. Sura sasa ndiyo ya shangazi. Hapo kuna faragha ya ibara ya 16 ya Katiba, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Aliyekubali kupigwa picha harusini hajakubali kuuzwa vifuani mwa watalii.

Dogo_Grafiki:
Mzee, ukibadilisha asilimia 30 inakuwa yako. Wabunifu wote tunajua.

Mzee_wa_Kaole:
Hiyo asilimia haimo kwenye sheria. Huangaliwi ulichoongeza, unaangaliwa ulichobeba. Weka mchoro juu ya picha halisi kwenye simu, ufifishe wa juu hadi nusu. Mikunjo ya kanga, kivuli cha pua na pembe ya shingo vikilaliana, umeipitishia tu. Angemchora kwa mkono, mkao mwingine na mwanga mwingine, mpiga picha asingekuwa na la kudai. Shangazi bado angekuwa nalo.

Bi_Arusi_2:
Afadhali yenu mna picha. Wangu kala hela, albamu sijaiona tangu mfungo sita.

Rangi_Sita:
Na wanaoniibia chui wangu wa tingatinga je? Mtindo mzima wameubeba!

Mzee_wa_Kaole:
Mtindo hauna mwenyewe. Edward Tingatinga mwenyewe alifariki 1972, na hakimiliki hapa nchini hudumu miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo kazi zake ziko huru. Ila wewe uko hai. Wakinakili chui yule yule, mkia na madoa yake, dai. Tunza michoro ya awali yenye tarehe.

Dogo_Grafiki:
Haya, na mimi nikiuiga mchoro wa huyo wa tisheti uliotoka kwenye programu, atanidai nini?

Mzee_wa_Kaole:
Hapo hata mawakili wanavutana. Mpiga picha na shangazi watakudai wewe pia, hilo halina mvutano.

Mpwa_wa_Shangazi:
Jamani, mbona mmehamia kwa chui? Kamwambia KATUNI!

Kibao_Kata:
Mkuu, saizi L ipo?