Naomba ushauri: tangi la lita 200 au 300 kwa paneli mbili za maji moto?

Habari za leo wakuu. Niko Uyole, Mbeya, nyumba ya watu sita, nataka kufunga hita ya maji ya jua ya paneli bapa. Nimepiga hesabu ya Julai, maana baridi ya huku mnaijua: maji yanaingia na nyuzi 15, nayataka yafike 50. Lita 200 zinahitaji kama uniti 8 za joto kwa siku. Nikichukulia jua la uniti 5 kwa mita ya mraba na ufanisi wa asilimia 45, paneli mbili za mita 2 za mraba kila moja zinanipa uniti 9.

Fundi anasisitiza tangi la lita 300 kwa paneli hizohizo. Kwangu maji yanaishia nyuzi 41, kabla ya joto linalopotea usiku. Yeye anatumia asilimia 70 iliyoandikwa kwenye karatasi ya paneli, ila ninavyoelewa hiyo ni pale sahani inapokuwa na joto sawa na hewa ya nje. Maji yakipata moto, ufanisi unashuka.

Wenye mifumo hii Mbeya, Iringa au Njombe: asilimia 45 inafaa kwa Julai? Na nibaki na lita 200, au nichukue 300 na paneli ya tatu?