Yai likielea limeoza? Nalinganisha maji, tochi ya simu na sahani

KekiZaDonholm

Habari za jioni wenzangu. Naoka keki za oda hapa nyumbani Donholm, natumia trei tatu za mayai ya gredi kila wiki. Ijumaa nilivunja yai moja asubuhi, ute wake ukatawanyika kama maji, nikaingiwa na wasiwasi. Nikachukua trei nzima iliyofuata, mayai 30, nikayatia kwenye beseni la maji. 19 yalilala chini kwa ubavu. Tisa yaliinama au kusimama, upande mnene ukiwa juu. Mawili yalielea kabisa.

Anayeniletea anaapa kwamba yote yalitagwa Jumatatu ya wiki hiyo hiyo.

Naomba tulinganishe njia tatu: maji, kumulika kwa tochi ya simu, na kuvunja kwenye sahani kabla ya kuchanganya. Ipi inasema ukweli? Na yale mawili niyatupe?

SufuriaNyeusi

Tupa. Yai likielea limeoza. Linapooza linatoa gesi ndani, gesi inajaa kile chumba cha hewa, yai linakuwa jepesi kama puto. Mama alitufundisha hivyo tukiwa wadogo.

MzeeWaMizani

Mama Keki, pole kwa usumbufu. Nimefanya kazi ya kupanga mayai kwa gredi miaka mingi, na hili la gesi nimelisikia kila mahali. SufuriaNyeusi, umepatia sehemu moja: chumba cha hewa kinahusika. Lakini sicho kinacholifanya yai liwe jepesi.

Fikiria chupa ya soda iliyofungwa. Itikise uwezavyo, gesi itoke kwenye soda ijae juu. Ukiiweka kwenye mizani, uzito ni ule ule, kwa sababu hakuna kilichotoka nje ya chupa. Yai nalo liko hivyo. Ganda halitanuki, kwa hiyo ukubwa wake haubadiliki. Ili lielee ni lazima uzito upungue, na uzito haupungui mpaka kitu kitoke nje ya ganda.

Kinachotoka ni maji. Yai likitoka kwa kuku lina joto la mwili wake, kama nyuzi 41, na limejaa. Likipoa, vilivyomo vinanywea kidogo, hewa inavutwa kupitia vitundu vya ganda, na kwenye upande mnene zile tando mbili za ndani zinaachana. Hapo ndipo chumba cha hewa kinapozaliwa. Kuanzia siku hiyo maji ya ute yanakuwa mvuke na kutoka kidogo kidogo kupitia vitundu hivyo hivyo, ambavyo ni maelfu, na hewa inaingia kuchukua nafasi yake. Chumba kikubwa ni alama ya maji yaliyokwisha kuondoka. Ndiyo maana kwenye beseni upande mnene unainuka kwanza: ndiko maji yalikoacha nafasi.

Sasa hesabu. Yai bichi la gramu 60 lina ujazo wa mililita 55 hivi. Ili lielee kwenye maji ya kawaida lazima lishuke chini ya gramu 55. Yaani lipoteze gramu tano, karibu sehemu moja ya kumi na mbili ya uzito wake. Katika nyumba ya kawaida hapa Nairobi hiyo si kazi ya siku nne. Ni wiki kadhaa.

Kwa hiyo kuelea kunakuambia yai limekauka kiasi gani. Kama limeingiwa na vimelea, maji ya beseni hayajui.

BoiloStendi

Mimi nauza smokie na mayai boilo karibu na stendi, na hayo yanayosimama ndiyo nayatafuta! Yai la jana ukilichemsha linakutesa, ganda linatoka na nusu ya nyama yake. La wiki mbili linamenyeka lenyewe. Kwa hiyo usiyatupe, dada, niuzie.

Na hicho chumba cha hewa ukitaka kukiona vizuri, menya yai lililochemshwa. Ule upande mnene una bapa, kama kijishimo. La juzi bapa ni dogo kama shilingi, la zamani unaona kama limekatwa kisu.

MzeeWaMizani

Bapa hilo ndilo chumba chenyewe, umeliona sawasawa. Ila kumenyeka kuna sababu nyingine. Pamoja na maji, hewa ya ukaa nayo hutoka kupitia vitundu, na ute unapoteza ile asidi yake kidogo. Hapo ndipo ute unapoacha kung'ang'ania utando. Ni hilo hilo linalofanya ute mzito ulegee na kuwa majimaji, kama alivyouona Mama Keki kwenye bakuli. Mambo mawili yanakwenda pamoja, lakini si jambo moja. Yai lililokaa joto siku chache linaweza kuwa na ute mwepesi huku chumba chake bado ni kidogo. Beseni litasema zima, sahani itakataa.

KukuWaRuai

Nafuga kienyeji na nina mashine ya kuangua, kwa hiyo chumba cha hewa nakimulika kila wiki. Mle ndani tunataka yai lipoteze maji: kufikia siku ya 18 liwe limepungua kama asilimia 12 au 13, la sivyo kifaranga hakipati hewa ya kuanzia. Mayai hayo yangeelea yote, na ndani kuna kifaranga mzima.

Kwa mnunuzi, tochi ni bora kuliko maji. Zima taa jikoni, kunja vidole uzunguke tochi, kalisha upande mnene juu yake. Utaona mpaka wa chumba kama kivuli cha duara. Uzungushie kalamu ya risasi. Kina cha milimita tatu nne ni yai jipya. Likifika kumi, lina safari ndefu. Ubaya ni kwamba ganda la kahawia iliyokolea halionyeshi vizuri kama jeupe.

Na tafadhali, mkishatia yai kwenye maji lipikeni siku hiyo au kesho yake. Kuku hulipaka ganda utando mwembamba unaoziba vitundu, maji na kusugua vinauondoa. Tena maji baridi kwenye yai lenye joto ni hatari: ndani inanywea, na uchafu wa ganda unavutwa kuingia. Mimi siyatii majini mayai ninayotaka kuyaweka.

MkaziKitengela

Swali: maji yetu ya kisima yana chumvi. Hayawezi kuelesha yai zima?

MzeeWaMizani

Kuelesha yai bichi kabisa kunataka chumvi zaidi ya gramu 130 kwenye lita moja. Maji ya kisima yenye gramu moja au mbili hayawezi. Ulimi wako ungekataa kabla ya yai.

SufuriaNyeusi

Mzee, nimekuelewa kuhusu soda. Lakini ganda la yai lina vitundu, chupa haina. Gesi ya kuoza si itatoka pia? Basi uzito utapungua kwa ajili ya kuoza.

MzeeWaMizani

Hoja nzuri, na ni kweli. Gesi ikitoka inabeba uzito kidogo, na ndiyo harufu tunayoisikia. Lakini maji ndiyo mengi kupita kiasi. Hata yai ambalo halijaoza hata chembe litaelea likiachwa kwenye rafu muda wa kutosha. Na lililooza mapema, kwa mfano lenye ufa mwembamba, linaweza kuzama.

SufuriaNyeusi

Hilo la kuzama limenipata mwaka jana. Yai lilizama vizuri, nikalivunja juu ya chapati ya watoto, nyumba nzima ikanuka. Nilidhani nilikosea kupima.

KekiZaDonholm

Nimerudi na majibu, nina mizani ya jikoni inayosoma nusu gramu. Mzee alinielekeza pembeni jinsi ya kupata ujazo: bakuli la maji juu ya mizani, irudishe sifuri, halafu lisukume yai kwa sindano mbili za kufumia mpaka lizame lote bila kugusa chini. Namba inayosomeka ni mililita za yai.

Moja la yale yaliyoelea lina uzito wa gramu 54. Ujazo wake ni mililita 55. Mzee anasema yai bichi lina gramu 1.085 kwa kila mililita, kwa hiyo lilipotagwa lilikuwa karibu gramu 59.5. Limepoteza gramu tano na nusu.

Nilichukua pia yai lililotagwa siku hiyo kwa jirani, nikaliacha kwenye kabati langu siku saba. Limepungua gramu moja kasoro kidogo. Kwa mwendo huo, lile lililoelea lina wiki sita hivi.

Nililivunja kwenye sahani, mbali na unga. Halikunuka hata kidogo. Ute ulikuwa maji matupu, kiini bapa, kikapasuka nilipoinamisha sahani. La jirani lilikaa limejikusanya, kiini kimesimama.

MzeeWaMizani

Kazi safi. Ila usimhukumu mchuuzi kwa wiki sita. Kabati lako ni la kivuli. Trei ikikaa kwenye stoo ya mabati, joto la nyuzi 30 na hewa kavu, maji hutoka kwa kasi mara mbili au zaidi. Na kuku mzee hutaga ganda jembamba. Linaweza kuwa la wiki tatu. La Jumatatu haliwezi kuwa.

Kwa kazi yako ningeanza na tochi wakati wa kupokea trei, kwa sababu hailowanishi kitu. Mayai ya siku moja hufanana, na vyumba 30 vya ukubwa tofauti kabisa vinamaanisha trei imejazwa kwa mayai ya siku tofauti. Kisha kila yai livunjwe kwenye kikombe chake kabla ya kuingia kwenye mchanganyiko. Pua na macho ndiyo yanayojua kuoza, ingawa hata hayo hayaoni salmonela, ambayo inaweza kuwamo tangu kuku anapotaga. Keki ikiiva mpaka katikati hiyo inakufa. Krimu ya ute mbichi ndiyo ya kuogopa, hata yai lilale chini ya beseni kama jiwe.

KukuWaRuai

Kuna wachuuzi wanaopaka mafuta kwenye ganda. Vitundu vinaziba, chumba hakikui, yai linalala chini wiki nyingi. Umri wake huutajua kwa maji wala tochi.

MzeeWaMizani

Kweli, na hewa ya ukaa nayo inabaki ndani, kwa hiyo hata kwenye sahani litaonekana changa kuliko lilivyo. Ganda la hivyo huwa linang'aa kidogo, lakini likifutwa vizuri sina njia ya uhakika.

KekiZaDonholm

Leo nimemulika trei mpya mbele ya mchuuzi. Mayai 24 yana chumba kidogo, sita kikubwa, na yote sita yako kona moja. Amesema yeye huzipokea trei zikiwa zimeshafungwa, na ataniulizia huko anakozitoa. Mayai hayo sita ameyarudisha. Yale tisa yaliyosimama nimempelekea BoiloStendi, ameahidi kuniambia yakimenyeka vipi.