Upepo wa Kitulo kwenye maiki: manyoya, kumkinga msemaji au kusafisha kwenye kompyuta?

Mpanda_Milima
Wakuu habari za jioni. Wiki ijayo napanda Matamba, upande wa Kitulo, kurekodi wazee wakisimulia kilimo cha pareto na viazi vya zamani. Nina elfu sitini ya vifaa. Mmoja kaniambia manyoya ya maiki ndiyo mpango mzima, mwingine anasema msemaji akiupa upepo mgongo inatosha, na kuna kijana hapa Uyole anadai kila kitu kinasafishika kwenye kompyuta. Niende na lipi?

Mama_Redio
Maiki gani, mdogo wangu? Manyoya ya maiki ndefu hayaingii kwenye maiki ya kola. Na unarekodia simu au kinasa? Wazee watakaa wapi? Bila hayo tutakupigia ramli tu.

Dogo_Mwanjelwa
Mnamsumbua bure. Arekodi sekunde chache za upepo mtupu kabla mzee hajaanza kuongea, akifika nyumbani afungue Audacity, achague zile sekunde za upepo, aingie Noise Reduction, abonyeze Get Noise Profile, kisha achague rekodi nzima, arudi Noise Reduction abonyeze OK, basi. Mimi nimesafisha hivyo kelele za jenereta na sauti ikatoka safi kabisa.

Mama_Redio
Dogo, kwa jenereta uko sawa, maana inanguruma vilevile mwanzo hadi mwisho. Upepo unakuja kwa vishindo: sasa umetulia, sasa umepiga, na kila kishindo kina umbo lake. Ile sampuli uliyochukua haifanani na upepo wa dakika mbili mbele, kwa hiyo kompyuta inakata isichopaswa kukata na sauti ya mzee inabaki na majimaji. Halafu hiyo si kelele inayotoka mbali ikaifikia maiki. Ni hewa yenyewe inayoisukuma maiki. Ndiyo maana wewe uliyesimama pale unasikia upepo kidogo tu, ukienda kusikiliza rekodi ni bubububu mtupu.

Mpanda_Milima
Samahani dada, niliandika haraka. Ni simu, na maiki mbili ndogo za kubana kwenye nguo, zisizo na waya. Zilikuja na vimanyoya viwili, kimoja kimeshapotea. Wazee wanapenda kukaa nje, ndani kuna moshi.

Mnyalu_wa_Mafinga
Ngoja nikusimulie ya Makambako. Nilipewa kazi ya kurekodi mkutano wa ushirika uwanjani, mwezi wa nane, na maiki ndefu ya kuelekeza. Aliyeniazima alinipa na sponji, akasema upepo wa kawaida hauipiti. Asubuhi kulikuwa shwari. Saa nne upepo ukaamka, na wa Makambako mnaujua. Mwenyekiti anaongea, mimi naona mistari ya sauti inaruka hadi juu hata akinyamaza kumeza mate. Nikaomba tuhamie nyuma ya jengo, wakagoma, mgeni rasmi alishakaa.

Nyumbani nikafungua rekodi. Penye vishindo mawimbi ya sauti yamekatwa juu na chini kama yamepitiwa na panga. Nikaweka High-Pass Filter kwenye hertz 100, ngurumo ikapungua lakini ile mikwaruzo ya kukatika ikabaki palepale. Nikapanda 200, mwenyekiti ana sauti nzito, kifua chote kikaondoka. Nikafika 300, akawa anaongea kwa pua na bado maneno hayasikiki. Kilichopona ni dakika za mwanzo, kabla upepo haujaamka. Pesa ya kazi nililipwa nusu.

Kwa hiyo Dogo, sauti ikishakatika pale pale kwenye kurekodi, hakuna chujio la kuirudisha. Chujio linaondoa kilichozidi, haliumbi kilichopotea.

Dogo_Mwanjelwa
Sawa mkuu, ila 100 kwenye High-Pass Filter inafaa, usiseme haifai.

Mnyalu_wa_Mafinga
Inafaa kama ngurumo ni ya chini na haijakata sauti. Mimi huanzia 80 kwa wanaume, akina mama naweza kufika 120, na Roll-off naweka 24. Ni kazi ya kumalizia hiyo.

Fundi_Cherehani
Kuhusu manyoya msipoteze hela. Nenda mitumba, tafuta koti lenye manyoya shingoni, kata kipande, shona kifuko. Nimewashonea wapiga picha wengi hapa mjini.

Mama_Redio
Fundi, inategemea kitambaa cha nyuma. Kishike mdomoni upulize. Pumzi ikipita, shona. Isipopita, umeifungia maiki kwenye blanketi, na herufi s na f zitafifia. Kaka Mpanda, hata ukinunua cha dukani, kaa chumbani kwenye utulivu, sema sentensi moja ukiwa nacho na tena bila nacho, ulinganishe. Kupungua ukali kidogo ni kawaida.

Na nywele ziwe ndefu na zimechambuliwa. Kule juu asubuhi kuna umande. Manyoya yakilowa yanagandamana na hayakingi kitu. Beba cha akiba, kila kimoja ukifunge kwa uzi kwenye kibanio, maana vidude hivyo vinachomoka mtu akijikuna tu.

Fundi_Cherehani
Mimi nashona, hayo ya s na f waulizwe watu wa redio 😂

Mama_Redio
Sasa kumkinga mzee. Miezi hii upepo wetu ni wa kusi, mara nyingi unatoka kusini mashariki. Mkalishe upande wa pili wa nyumba, ukuta uwe kati yake na upepo, na asikae karibu na kona, pale hewa inajikunja na kurudi kwa fujo. Kama hakuna ukuta aupe upepo mgongo, maiki kifuani, shubiri moja chini ya kidevu. Lakini mwili peke yake hautoshi, hewa inapita mabegani na kuzunguka mbele. Ndiyo maana ninasema manyoya pamoja na mgongo, si kimoja.

Akishakaa, mwambie anyamaze nusu dakika. Angalia kipimo cha sauti. Kikirukaruka bila mtu kuongea, hama kabla hajaanza hadithi.

Mpanda_Milima
Na ile ya kuificha maiki ndani ya koti?

Mnyalu_wa_Mafinga
Upepo unapungua kweli, ila koti zito la Makete likisugua maiki utatamani upepo urudi.

Mama_Redio
Mimi huificha chini ya skafu ya sufu, nikibandika plasta nguo isicheze. Imenitoa mara nyingi.

Mnyalu_wa_Mafinga
Hapo tutabishana hadi kesho, dada.

Mwimbaji_Igurusi
Naulizia, hayo manyoya yanapunguza mwangwi? Kanisani kwetu kwaya inarudi rudi.

Mama_Redio
Hapana mpendwa, hiyo ni kuta na bati. Anzisha uzi wake.

Dogo_Mwanjelwa
Hizo maiki zina kitufe cha kupunguza kelele. Akiwashe tu.

Mnyalu_wa_Mafinga
Cha kwangu kwenye upepo kinameza mwanzo wa maneno. Nakizima.

Dogo_Mwanjelwa
Cha kwako. Changu kinafanya kazi.

Mpanda_Milima
Basi nanunua vimanyoya vitatu, hela itakayobaki ni nauli. Kitufe nitajaribu kote kuwili. Shida ni kwamba programu ya kamera kwenye simu yangu haioneshi kipimo cha sauti, sijui nitatazama wapi.

Mnyalu_wa_Mafinga
Weka programu ya kurekodi yenye kipimo, na uzime ile ya kujirekebisha sauti yenyewe kama ipo. Upepo ukipiga inashusha kila kitu, mzee naye anazama.

Babu_Kipengere
Makambako mnausifia upepo hamjalala Kitulo. Kijana, ukifika Matamba niulizie gunia la viazi linaendaje, na wasikuuzie lumbesa.