Naomba ushauri: kidato cha kwanza na cha mwisho havilingani kwenye mchoro wa ngazi

Wakuu, habari zenu. Nachora ngazi ya mbao ya nyumba kwa pande tatu na nimekwama kwenye stringa, ile mbao ya mshazari inayobeba vidato.

Kutoka sakafu ya chini hadi ya juu, zote zikiwa zimemalizika, ni milimita 2,890. Nimegawa kwa 17, kila kidato kikapata kimo cha 170. Sehemu za kukanyagia ni 16 tu, kwa sababu ya 17 ni sakafu ya juu yenyewe. Kila moja ina kina cha 280, hivyo ngazi inachukua 4,480 kwa mlalo. Vimo viwili na kina kimoja vinafika 620, mwendo mzuri wa mguu.

Tatizo lilianza nilipoweka mbao za kukanyagia zenye unene wa 40. Kidato cha kwanza kikawa 210 na cha mwisho 130, japo vya katikati vyote ni 170. Hapo mtu anajikwaa kabisa!

Nimekata 40 chini ya stringa na kuishusha yote. Vimo sasa vinalingana, ila mkato wa juu kabisa uko 210 chini ya sakafu ya juu. Nadhani ni sahihi, naomba mnithibitishie.

Pia, stringa ina upana wa 300, na baada ya mikato inabaki kama 155 nikipima kwa pembe mraba na mshazari. Je, inatosha kwa stringa mbili, au niongeze ya tatu katikati?