Maziwa ya mfuko yamepita tarehe siku mbili, hayanuki: kunusa, kuchemsha au kumwaga?

MamaWawili_Tabata
Habari za jioni wapendwa. Nina mifuko miwili ya maziwa ya nusu lita, yale yanayouzwa kwenye friji, si ya boksi. Tarehe iliyoandikwa ni 12, leo ni 14. Mmoja niliufungua jana usiku kwa ajili ya chai, mwingine sijaugusa. Halafu leo umeme ulikatika saa nane mchana, ukarudi saa kumi na mbili. Nimenusa ule uliofunguliwa, sisikii kitu.

Sasa nyumba imegawanyika. Mume wangu anasema maziwa yasiyonuka ni mazima. Dada anayenisaidia anasema tuyachemshe: yakikatika tumwage, yasipokatika tunywe. Mimi roho inaniambia nimwage yote, lakini mama mkwe yupo na ananiangalia nitakavyomwaga pesa ya mwanawe. Kuna mtoto wa mwaka mmoja na miezi minane anayekunywa uji wa maziwa asubuhi. Nimfuate nani?

Kijana_wa_Lesta
Mfuate mumeo. Huku Uingereza, Januari 2022, maduka ya Morrisons yaliondoa "tumia kabla ya" kwenye sehemu kubwa ya maziwa ya chapa yao, wakaandika "bora kabla ya" na kuwaambia wateja wanuse wenyewe. Maziwa mengi mno yalikuwa yanamwagwa bure. Mimi nakunywa yaliyopita tarehe siku tatu, nne, na niko hai.

Bin_Seif_Maskati
Mbona mnasumbuka? Maziwa yangu yapo kabatini tangu mwezi wa tatu, hata friji hayajaiona, na bado yana miezi miwili mbele.

MamaWawili_Tabata
Kaka Bin Seif, hayo ni ya boksi. Nimesema ya mfuko 😅

Bin_Seif_Maskati
Samahani dada, nilisoma kichwa tu.

Mpokeaji_Tanga
Nimefanya kazi ya kupokea maziwa kituoni miaka tisa, asubuhi na jioni, basi nami niseme kidogo. Bin Seif asijione amepona moja kwa moja. Boksi likishafunguliwa, ile tarehe ya mwezi wa ngapi haina kazi tena. Linaingia kwenye friji kama maziwa mengine na linahesabiwa kwa siku.

Kuhusu kunusa. Maziwa ya baridi hayatoi harufu vizuri. Ukinusa mfuko uliotoka kwenye friji sasa hivi, pua yako imenusa ubaridi tu. Mimina robo kikombe kwenye sufuria ndogo, pasha mpaka yawe ya moto kidogo, kama maji ya kumwogeshea mtoto, ndipo unuse. Hapo yatasema yaliyokuwa yanaficha.

Lakini kuna jambo ambalo mume na dada wote wawili hawajalifikiria. Sisi tumezoea maziwa ya ng'ombe yanayoletwa na dumu, ambayo yakizeeka yanachacha. Yana bakteria wa kuchachusha tangu yanakamuliwa, na asidi yao ndiyo inayokata maziwa yakipata moto. Maziwa ya mfuko yamepitishwa kwenye joto la kama nyuzi 72 kwa sekunde 15, na wale wachachushaji wengi wamekufa humo. Wanaobaki, au wanaoingia baadaye wakati wa kufunga mfuko, ni wa aina nyingine. Wapo wanaostahimili baridi ya friji, na kazi yao ni kutafuna protini na mafuta. Hao hawaleti uchachu, wanaleta uchungu. Ndiyo maana mfuko unaweza kuharibika bila kunuka uchachu na bila kukatika jikoni.

Kwa hiyo dada, nijibu kwanza: friji ilifunguliwa mara ngapi umeme ukiwa umekatika? Na mifuko ilikaa wapi, mlangoni au ndani?

Bi_Tangawizi
Mimi wa Mombasa. Yangu hayafiki hata tarehe! Nanunua leo asubuhi, natia kwenye chai, yanakatika vipandevipande kama mtindi. Nimegombana na mwenye duka mara mbili, mara ya pili akanirudishia pesa kwa hasira. Kwa hiyo kuchemsha ndiyo kipimo, tarehe ni urongo mtupu.

Mpokeaji_Tanga
Bi Tangawizi, kwa hilo jina lako nakuomba unijibu: tangawizi unaitia lini?

Bi_Tangawizi
Natwanga mbichi, natia pamoja na maziwa, ndipo nabandika. Kwa nini?

Mpokeaji_Tanga
Basi mwenye duka anakudai msamaha. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata protini ya maziwa, na kinafanya kazi sana maziwa yakiwa yanaelekea kupata moto. Hata maziwa ya dakika tano tangu kukamuliwa yatakatika. Chemsha tangawizi na maji kwanza, itokote dakika tatu nne, moto uue kile kimeng'enya, halafu ndipo utie maziwa. Ukitaka kupima maziwa, yachemshe peke yake: bila majani, bila sukari, bila kiungo chochote.

Bi_Tangawizi
Subhanallah. Na mie nimemwambia yule baba maneno.

Mkulima_Uasin
Jameni, hakuna haja ya kumwaga. Huku kwetu maziwa ikipita siku unaiacha kwa meza iwe mala, kesho unakunywa na ugali. Shosho alifanya hivyo maisha yake yote.

Mpokeaji_Tanga
Shosho alikuwa na maziwa mabichi na kibuyu chenye wachachushaji wake wa miaka. Ya mfuko ukiyaacha mezani hayachachi kama yale, mara nyingi yanaoza. Utaona yanakuwa mazito, lakini onja uone kama ni mala. Ukitaka mtindi kwa maziwa ya mfuko, yawe bado mazima, uyachemshe, yapoe yabaki vuguvugu, utie kijiko cha mtindi mzuri wa jana. Maziwa yenye mashaka hayageuzwi kuwa mtindi wa kuaminika, unaongeza tu bakteria juu ya bakteria.

Mkulima_Uasin
Sawa, hiyo ya kibuyu nakubali. Lakini ya kuchemsha bado ni kipimo. Kwa kituo cha kupokea maziwa sisi huchemsha na mwenye maziwa yake ikikata anarudi nayo nyumbani.

Mpokeaji_Tanga
Ni kipimo, sikatai, na ni cha haki kwa maziwa mabichi. Ila kinashika maziwa yaliyochelewa. Uchachu lazima uwe umepanda vya kutosha ndipo yakatike kwenye moto. Ndiyo sababu kituoni tunatumia spiriti: sehemu moja ya maziwa, sehemu moja ya spiriti ya asilimia 70 hivi, unatikisa na kutazama ukutani mwa chupa kama kuna chengachenga. Yanayofaulu sufuriani yanaweza kufeli kwenye spiriti. Hicho si kipimo cha nyumbani lakini, na mchanganyiko huo haunywewi.

Na jingine, hili nalisema kwa sababu ya mtoto. Watu wanadhani kuchemsha kunatengeneza maziwa. Kunaua bakteria, ndiyo. Lakini wapo wanaotoa sumu wakati maziwa yamekaa kwenye joto, na baadhi ya sumu hizo zinapita kwenye mchemko bila kudhurika. Hazinuki, hazikati maziwa. Hapo swali linakuwa maziwa yamekaa kwenye joto kwa muda gani, maana pua haina la kusema.

MamaWawili_Tabata
Nimerudi. Friji ilifunguliwa. Watoto walichukua maji mara sijui ngapi, na nilipofika saa kumi na moja sakafu ya friji ilikuwa inatoa maji. Mfuko uliofunguliwa ulikuwa mlangoni, nimeukunja tu na kibanio cha nguo. Ule mzima ulikuwa chini kabisa nyuma, umeegemea chupa ya maji yaliyokuwa yameganda barafu.

Mpokeaji_Tanga
Friji iliyofungwa bila kuguswa inashikilia baridi kama saa nne. Yako haikufungwa, na mlango ndiyo sehemu yenye joto kuliko zote. Hiyo mifuko ina tarehe moja lakini haina umri mmoja tena. Pima kila mmoja peke yake, hivi: mimina kidogo kwenye glasi safi, inamisha, tazama maziwa yakiteremka ukutani kama yanaacha punje. Pasha, nusa. Endelea mpaka yachemke, tazama kwenye mgongo wa kijiko. Mwisho, yakipoa, tone moja ulimini, subiri mpaka uisikie ladha huku nyuma, kisha tema. Usianze na kuonja kama hatua za mwanzo zimeshafeli.

Kijana_wa_Lesta
Mnafanya maabara kwa nusu lita ya maziwa 😂

Ustaadh_Jikoni
Kijana, kwenu maziwa yanatoka kiwandani mpaka dukani ndani ya baridi, na umeme haukatiki. Nilikuwa na duka Mbagala. Nakwambia wapo wenye maduka wanaozima friji usiku ili LUKU isiishe, asubuhi wanawasha. Tarehe ya kiwandani inahesabu kwamba friji haikuzimwa. Kwa hiyo huku kwetu hata kabla ya tarehe si salama sana, na baada ya tarehe si lazima yawe mabaya.

Kijana_wa_Lesta
Hapo umenigusa. Sikufikiria habari ya umeme.

MamaWawili_Tabata
Majibu. Mfuko wa mlangoni: kwenye glasi safi kabisa. Kupasha, hakuna uchachu, ila kulikuwa na harufu fulani kama ya kitambaa cha jikoni ambacho hakijakauka, kwa mbali sana. Mume akasema ninajitungia. Yakachemka, hayakukatika, dada akashangilia. Nikaonja: mbele utamu wa kawaida, halafu nyuma ya ulimi uchungu, kama umelamba kidonge. Nikampa mume naye aonje. Akanyamaza, akaenda kusukutua.

Mfuko wa nyuma: hauna harufu, hauna punje, umechemka vizuri, mtamu.

Mama mkwe anasema huo mchungu niukandie maandazi.

Mpokeaji_Tanga
Uchungu hautoki kwenye mafuta ya moto, utaupata kwenye andazi. Huo mwaga. Wa pili umekaa vizuri, ningekunywa chai yake leo hii hii, yakiwa yameshachemshwa, wala nisiyalaze tena. Mtoto nisingempa. Huyo mnunulie mapya.

Ustaadh_Jikoni
Hapo kwa mtoto mimi sikubaliani na mtaalamu. Mfuko wa pili ulikuwa haujafunguliwa, umekaa na barafu, umepita vipimo vyote. Mapya atakayonunua kesho hajui yalilala kwenye friji gani. Una uhakika gani kwamba hayo ndiyo bora?

Mpokeaji_Tanga
Sina uhakika wa duka la mtu. Nasema tu kwamba vipimo vyote tulivyofanya kazi yake ni kupima kuharibika. Hakuna hata kimoja kinachoonyesha sumu wala vidudu vya magonjwa, na mtoto wa umri huo anadhurika haraka kuliko wewe na mimi. Mtu mzima abahatishe tumbo lake mwenyewe.

Mkulima_Uasin
Mnunulie ya boksi ndogo, ile ya mara moja. Haina mambo ya friji ya duka.

MamaWawili_Tabata
Nafanya hivyo. Chai tumeshakunywa, mama mkwe vikombe viwili. Ule mchungu ameumimina mwenyewe kwenye sinki, ila alionja kwanza kuhakikisha simdanganyi. Ustaadh, na nitajuaje kama duka langu linazima friji usiku?

Ustaadh_Jikoni
Nenda saa moja asubuhi, wanapofungua tu, ushike mfuko wa chini kabisa. Ukiukuta vuguvugu na friji inanguruma, imewashwa sasa hivi.