Video ya mashine ya kutotolesha: wameingia 1,000, walioplei 120

MamaVifaranga_Moro: Habari wanajamvi. Nauza mashine za kutotolesha za mayai 96. Kwenye ukurasa wa mauzo nimeweka video ya dakika 2 inayoonyesha mashine ikigeuza mayai yenyewe. Mwezi uliopita waliingia watu 1,000. Walioplei ni 120, na kati yao 18 wakaagiza. Wale 880 wengine wameagiza 12 tu. Video inauza zaidi ya mara kumi! Nifanyeje ili kila anayeingia aione?

Kaka_Bando: Dada, iweke ijiplei yenyewe ukurasa ukifunguka. Zima sauti tu, maana tangu 2018 Chrome huzuia video kujiplei ikiwa na sauti.

MzeeWaSato: Hata mimi video ya vifaranga vya sato imetazamwa sana Facebook, lakini simu haziiti. Watu wanapenda kuangalia tu.

FundiKurasa: Kaka_Bando, kuhusu sauti uko sahihi. Ila ikijiplei, idadi itapanda bila mtu yeyote kuamua kutazama, na mteja wa bando dogo ataliwa data bure.

Dada, video imekaa wapi kwenye ukurasa?

MamaVifaranga_Moro: Chini, baada ya bei na picha za wateja.

FundiKurasa: Basi pima wangapi wanashuka mpaka pale. Tuseme ni 400: hao 120 ni asilimia 30 ya walioiona, si 12. Hapo video haina shida, shida ni mahali ilipokaa. Ipandishe juu ya bei, na picha yake ya mbele ionyeshe trei ikiwa imeinama na mayai ndani, si nembo ya duka. Andika pia "dakika 2", mtu ajue anachoingia.

Lakini hiyo mara kumi usiitegemee. Anayeshuka mpaka chini na kubonyeza plei tayari ana hamu ya kununua. Pengine angeagiza hata bila video. Ukiwalazimisha wale 880 waitazame, hawatageuka kuwa wanunuzi kama hao 120. Ili ujue video inaongeza nini, nusu ya wageni waone ukurasa wenye video na nusu usio na video, kwa bahati nasibu, siku zilezile. Kisha linganisha oda za wote wa kila upande, si za walioplei peke yao.

MamaVifaranga_Moro: Nimekuelewa kaka. Wiki mbili zinatosha?

FundiKurasa: Kwa oda 30 kwa mwezi, hapana. Wiki mbili zitakupa kama oda 15 pande zote mbili; 6 kwa 9 inaweza kuwa bahati tu. Hesabu pia wanaobonyeza kitufe cha WhatsApp, hao ni wengi zaidi.

Kaka_Bando: Wengi wanaobonyeza WhatsApp huuliza bei na kupotea. Hicho nacho ni kipimo kweli?

MamaVifaranga_Moro: Kwangu karibu nusu hupotea. Naanza kwa kuipandisha video, hilo la nusu kwa nusu nitamwomba kijana wa tovuti.