Duka linanisukumia ruta ya Wi-Fi 7: ninunue au ningoje?

Bi_Nyali: Nina faiba ya megabiti 30, vijana watatu na televisheni. Muuzaji anasema MLO itamaliza kukwama. Ninunue?

Fundi_Nyaya: Dada, MLO inaiwezesha simu kushika njia mbili za mawimbi, gigahezi 5 na 6, kwa pamoja. Faida yake kubwa ni kupunguza kungoja: majirani wakijazana njia moja, data inapita nyingine. Lakini simu nyingi husikiliza njia zote mbili, kisha hutumia moja tu kwa wakati mmoja, ile iliyo wazi. Anayekuahidi kasi mara mbili anakuuzia maneno. Na simu za vijana zisipokuwa za Wi-Fi 7, MLO haipo kwao.

Kasi_Juu: Mbona inasemwa inafika gigabiti 46? Mimi nimeweka na mafaili yanaruka. Wenye megabiti 30 wabaki na za zamani, teknolojia hii si ya kila mtu.

Mwalimu_Likoni: "Si ya kila mtu" ndiyo nini? Mimi nalipia megabiti 10 na watoto wanasomea humo humo. Sisi si watu?

Kasi_Juu: Nimesema kifurushi, sijamtukana mtu.

Mwalimu_Likoni: Umesema mtu. Rudi usome.

Fundi_Nyaya: Hiyo 46 ni ya makaratasi, hakuna ruta ya nyumbani inayoifikia. Inahitaji chaneli pana ya megahezi 320, ambayo iko gigahezi 6 pekee, na Kenya tumefunguliwa megahezi 5925 hadi 6425, kwa hiyo inaenea moja tu. Tena ruta nyingi za bei nafuu zilizoandikwa Wi-Fi 7 hazina gigahezi 6 kabisa, soma boksi. Bi_Nyali, pima kasi kwa kompyuta iliyochomekwa waya, halafu kwa waifai kando ya ruta, halafu chumba cha mwisho.

Bi_Nyali: Waya 29, kando ya ruta 28, chumba cha nyuma 3. Kuta zetu ni za mawe, nene.

Fundi_Nyaya: Basi mtandao unaliwa na ukuta, na gigahezi 6 hupenya vibaya kuliko 5. Vuta waya hadi koridoni, uweke kituo cha pili cha kurusha waifai, hata cha Wi-Fi 6.

Bi_Nyali: Mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe.

Mwalimu_Likoni: Wangu alikataa hata msumari wa kalenda! Hao ndio wa kujadiliwa hapa. Unalipa kodi kila mwezi na huwezi kupitisha waya?

Kasi_Juu: Basi hapo ndipo Wi-Fi 7 inapofaa. Vituo viwili vyenye MLO vinaongea vyenyewe kwa njia mbili, bila waya.

Fundi_Nyaya: Hilo nakubali kwa nusu. Vituo vyote viwili viwe vya Wi-Fi 7, na cha pili kikae mahali ambapo cha kwanza bado kinasikika vizuri. Ukikiweka ndani ya chumba cha nyuma, nacho kitapata hiyo 3.

Mwalimu_Likoni: Na bei ya vituo viwili umwambie, usimfiche.